Kabla Hujaandika Barua ya Kuacha Kazi

Mashauri mengi ya watu waliosukumwa kuacha kazi hupotea kwa sentensi moja, nayo huwa imeandikwa na mfanyakazi mwenyewe: "Nimeamua kuacha kazi kwa sababu za kifamilia, nawashukuru kwa ushirikiano wote mlionipa." Aliyeiandika alikuwa ameshushwa cheo, amekatwa mshahara na kufokewa mbele ya wateja. Aliandika hivyo kwa sababu amelelewa kuondoka kwa heshima, au aliogopa kunyimwa barua ya kumtambulisha kwa mwajiri mwingine, au afisa utumishi alimwambia kwamba ndivyo barua hizo zinavyoandikwa. Miezi kadhaa baadaye, mbele ya mwamuzi, wakili wa mwajiri anaisoma barua hiyo polepole, kisha anauliza: "Hii sahihi ni yako?"

Ninamwandikia yule ambaye bado hajaiandika barua hiyo. Nitazungumzia Tanzania Bara na ajira za sekta binafsi, kwa sababu huko ndiko Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakofika bila vikwazo. Zanzibar ina sheria yake ya ajira ya mwaka 2005. Mtumishi wa umma naye, tangu marekebisho ya mwaka 2016, anatakiwa kwanza kumaliza ngazi za rufaa zilizo ndani ya Sheria ya Utumishi wa Umma kabla ya kugusa mlango mwingine. Namba za vifungu nitakazotaja ni za sheria ilivyotungwa mwaka 2004. Ukisoma toleo lililorekebishwa, linganisha kwanza.

Kifungu cha 36 kinasema kwamba kuachishwa kazi si pale tu mwajiri anapokupa barua. Ni pamoja na pale mfanyakazi anapoacha kazi mwenyewe kwa sababu mwajiri amefanya kuendelea na ajira hiyo kusivumilike. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, Tangazo la Serikali namba 42, kanuni ya 7, zinaendeleza jambo hilo: kujiuzulu kwa namna hiyo kunahesabiwa kuwa ni kulazimishwa kujiuzulu, na kisheria anayehesabika kuwa amevunja ajira ni mwajiri.

Tofauti hiyo ni kubwa mfukoni. Anayejiuzulu kwa hiari hadai kiinua mgongo wala fidia ya kuachishwa isivyo halali. Aliyelazimishwa, akithibitisha, anaweza kudai kurudishwa kazini au fidia inayohesabiwa kwa miezi ya mshahara, pamoja na malipo ya notisi na kiinua mgongo. Sheria ya 2004 iliweka fidia isiyopungua mishahara ya miezi 12. Eneo hilo la fidia liliguswa na marekebisho ya mwaka 2025, kwa hiyo dai lako lihesabiwe kwa sheria iliyopo siku unayoacha kazi, usitegemee hesabu ya rafiki aliyeshinda kesi miaka mitano iliyopita.

Lakini kuna jambo ambalo wengi hulifahamu wakiwa wamechelewa. Katika kesi ya kawaida ya kuachishwa kazi, kifungu cha 39 kinamtwisha mwajiri mzigo wa kuthibitisha kwamba alikuachisha kwa haki. Hapa mzigo unaanza kwako. Hakuna barua ya kufukuzwa. Kuna barua yako ya kuondoka. Ni wewe unayetakiwa kuonyesha kwamba nyuma ya barua hiyo kulikuwa na mwenendo wa mwajiri ambao mtu wa kawaida mwenye akili timamu asingeweza kuuvumilia. Usipolithibitisha hilo, mwajiri hatalazimika kueleza chochote.

Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, katika kesi ya Katavi Resort ya mwaka 2013, iliweka maswali ambayo waamuzi wanayatumia hadi leo. Asili yake ni Afrika Kusini, ambayo sheria yake ya mahusiano ya kazi ya mwaka 1995 ina maneno yanayofanana sana na ya kwetu. Je, mfanyakazi alikusudia kweli kuuvunja uhusiano wa ajira? Je, ukitazama kwa jicho la mtu wa nje, hali ilikuwa haivumiliki kiasi kwamba asingeweza kuendelea kutimiza wajibu wake? Je, hali hiyo ilisababishwa na mwajiri? Je, ilielekea kuendelea? Na je, kuacha kazi ndiyo njia pekee ya busara iliyokuwa imebaki?

Swali la pili na la mwisho ndiyo yanayoangusha watu. Kwenye la pili, haitoshi kwamba wewe uliumia. Kuna wakubwa wakali, kuna malengo magumu ya mauzo, kuna uhamisho usiopendeza, na vyote hivyo vinaweza kumchosha mtu bila kufikia kiwango kinachotakiwa na sheria. Kwenye la mwisho, mwamuzi anatafuta alama kwamba ulijaribu. Kanuni ya 7 inasema wazi kuwa mfanyakazi anayedai kutotendewa haki awe ametumia utaratibu wa malalamiko uliopo, isipokuwa awe na sababu nzuri ya kutofanya hivyo. Kwa maoni yangu sharti hili moja limeua madai ya kweli kuliko hila zote za mawakili wa waajiri. Watu wananyanyaswa mwaka mzima, wanawaambia ndugu, wanamwambia mchungaji au shehe, wanawaambia wenzao wakati wa chai, ila hawajawahi kumwandikia mwajiri mstari mmoja.

Unyanyasaji wa kingono umewekwa peke yake katika kanuni hiyo. Umetajwa kuwa sababu inayotosha, na sharti la kutumia kwanza utaratibu wa malalamiko limeambatanishwa na kipengele kingine, kile cha kutotendewa haki. Mwajiri pia anabanwa kwa kushindwa kumlinda mfanyakazi, hata kama aliyemnyanyasa ni mwenzake au msimamizi. Hata hivyo, ukidai kwamba alishindwa kukulinda, itabidi uonyeshe kwamba alijua au alipaswa kujua. Ndiyo maana hata hapa ujumbe mfupi kwa afisa utumishi, wenye tarehe, una uzito mkubwa.

Tuchukue mfano tuufuate hatua kwa hatua. Tuseme ni dada mmoja, msimamizi wa ghala katika kampuni ya vifaa vya ujenzi mjini Mbeya. Amefanya kazi miaka 7, siku sita kwa wiki, na mshahara wake wa msingi ni shilingi 900,000. Tarehe 10 Februari meneja mpya anamwambia kwa mdomo kwamba kuanzia kesho atakaa getini kama karani wa kupokea mizigo. Funguo za ghala anapewa kijana aliyekuwa chini yake. Mwisho wa Februari benki inaingiza 600,000.

Siku hiyo ndiyo ya hatari. Hasira inamwambia aondoke. Akiondoka pale, mwajiri atasema: mshahara ulikosewa, tungerekebisha, hakutuuliza. Na kuna uwezekano mwamuzi akakubali, kwa sababu tukio moja ambalo mwajiri hajapewa nafasi ya kulisahihisha ni vigumu kuliita hali isiyovumilika. Liko jambo la mara moja ambalo linaweza kutosha, kama kupigwa au kushikwa kwa nguvu kingono. Kukatwa mshahara mara moja, mara nyingi si mojawapo.

Kwa hiyo dada yetu anakaa chini. Kwanza anatafuta mkataba wake na kuusoma. Kifungu cha 15 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi kuhusu kazi yake, kituo, saa na ujira, na pale mambo hayo yanapobadilika, mabadiliko yafanyike kwa kushauriana naye kisha ajulishwe kwa maandishi. Asipokuwa na nakala, asikate tamaa: kifungu hichohicho kinasema mwajiri akishindwa kuleta mkataba au maelezo hayo katika shauri, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa unamwangukia yeye. Kifungu cha 28 nacho hakimruhusu mwajiri kukata ujira apendavyo. Makato lazima yawe yameruhusiwa na sheria, mkataba wa pamoja, amri ya mahakama au tuzo, au yawe ya deni ambalo mfanyakazi amekubali kwa maandishi likatwe.

Tarehe 3 Machi anaandika barua ya malalamiko. Haina matusi, wala haina kurasa sita. Inataja tarehe ya kubadilishiwa kazi, aliyesema, maneno yaliyosemwa, mshahara wa Januari na wa Februari, na mwisho inaomba mambo mawili yanayoweza kujibiwa: arudishiwe nafasi yake au apewe sababu kwa maandishi, na alipwe 300,000 iliyopungua. Anaipeleka nakala mbili. Moja inapigwa mhuri wa kupokelewa na kubaki naye. Masjala ikikataa kupiga mhuri, anaituma pia kwa barua pepe au WhatsApp kwa afisa utumishi na kuandika, "Nimeleta barua hii ofisini leo saa nne, imekataliwa kupokelewa." Wafanyakazi wengi huiacha barua mezani na kuondoka, kisha kwenye shauri mwajiri anasema hakuwahi kuiona.

Majibu hayaji. Tarehe 14 Machi anaandika mistari mitatu ya kukumbushia. Tarehe 20 anaitwa kwenye kikao, na meneja anamwambia mbele ya afisa utumishi, "Ukiona hapafai, mlango uko wazi." Maneno kama haya hayaachi karatasi, na waajiri wenye uzoefu wanalijua hilo. Dawa yake ni kuyaandika siku ileile na kuyarudisha kwao. Jioni hiyo anamtumia afisa utumishi ujumbe: "Asante kwa kikao cha leo. Nimeelewa kuwa sitarudishiwa nafasi ya usimamizi wa ghala, mshahara utabaki 600,000, na nimeambiwa kama sijaridhika mlango uko wazi. Kama nimeelewa vibaya naomba unisahihishe." Afisa akijibu kwa kukanusha, basi angalau ametoa msimamo wa kampuni. Akinyamaza, ukimya wake utasomeka mbele ya mwamuzi. Akijibu, "Ndivyo alivyosema meneja, pole," shauri limepata nguzo.

Mwisho wa Machi 600,000 inaingia tena. Sasa maswali ya Katavi Resort yana majibu. Mabadiliko yamefanywa na mwajiri, bila mashauriano wala maandishi. Yamegusa cheo na theluthi moja ya mshahara. Mfanyakazi amelalamika mara mbili na kuitwa kikaoni. Mwajiri amesema hatabadilika, na mwezi wa pili amethibitisha kwa vitendo. Sasa ndipo barua ya kuacha kazi inapoweza kuandikwa, nayo isikawie sana. Mtu akikaa miezi minane katika nafasi mpya na mshahara mpya bila neno, mwajiri atasema aliyakubali mabadiliko, na hoja hiyo ina nguvu. Kama unalazimika kubaki kwa sababu watoto wanasoma na kodi ya nyumba inasubiri, andika kila mwezi kwamba unaendelea kufanya kazi huku ukipinga mabadiliko. Ujumbe wa mstari mmoja unatosha kuuzuia ukimya wako usigeuzwe ridhaa.

Barua yake ya tarehe 4 Aprili inasema hivi:

"Ninaacha kazi kuanzia leo. Siachi kwa hiari yangu. Tarehe 10 Februari niliondolewa katika nafasi ya usimamizi wa ghala bila kushauriwa wala kupewa maandishi, na mshahara wangu umepunguzwa kutoka 900,000 hadi 600,000 kwa miezi miwili. Nililalamika kwa maandishi tarehe 3 na 14 Machi. Katika kikao cha tarehe 20 Machi niliambiwa mlango uko wazi, na mshahara wa Machi umelipwa pungufu tena. Kwa mwenendo huo mmefanya kuendelea na ajira hii kusivumilike kwangu, na ninahesabu kwamba mmenilazimisha kujiuzulu. Naomba mshahara uliopungua, haki zangu zote na cheti cha utumishi."

Haina shukrani za kawaida wala sababu za kifamilia, na haimtaji Mungu atakayehukumu. Kila sababu iliyomo ina karatasi nyuma yake. Jambo ambalo halimo kwenye barua hii, kwa mfano kwamba alitukanwa mbele ya wateja, likiibuka kwa mara ya kwanza kwenye ushahidi miezi sita baadaye, wakili ataliita hadithi ya kutungwa. Kwa hiyo kila lililochangia liandikwe, hata kwa kifungu kimoja cha maneno.

Ninaulizwa sana kuhusu notisi. Kwa anayelipwa kwa mwezi, notisi ya kawaida ni siku 28. Ukiondoka siku ileile, mwajiri anaweza kudai malipo ya notisi. Ukishinda, dai hilo linageuka, kwa kuwa aliyevunja ajira ni yeye. Ukifanya kazi siku zote 28, atasema, "Mbona alivumilia mwezi mzima?" Si hoja ya kuua shauri, maana watu wanahitaji mshahara wa mwisho, lakini inapunguza makali. Kama hali yako ni ya vitisho au unyanyasaji wa mwili, kubaki kazini kutapingana na maneno yako mwenyewe. Kama ni ya mshahara na cheo, unaweza kutoa notisi, mradi barua ieleze kwa nini.

Kuna wale ambao hawakuandika barua yao wenyewe. Waliitwa chumbani, wakawekewa karatasi iliyochapwa tayari, wakaambiwa, "Saini hapa au tunakupeleka polisi." Huko nako ni kulazimishwa, na pengine kuna ushahidi kuliko wanavyodhani: barua iliyochapwa kwa kompyuta ya ofisi, lugha ambayo si yao, saa ya kuingia na kutoka. Shida inakuja wanaponyamaza baadaye. Aliyesaini kwa kutishwa aandike siku hiyohiyo au kesho yake kwamba alisaini kwa shinikizo, amtaje aliyekuwepo, na aseme yuko tayari kurudi kazini. Akisubiri wiki tatu na huku amepokea malipo ya mwisho bila pingamizi, simulizi yake inakuwa nyembamba sana.

Pia kuna hali ambazo ningemshauri mtu asifungue shauri la aina hii. Aliyeitwa kwenye kikao cha nidhamu kwa tuhuma halisi, akajiuzulu kabla ya kikao, atapata taabu kueleza kwamba hakuwa na njia nyingine. Njia ilikuwa kuhudhuria na kujitetea. Aliyejiuzulu tarehe 30 na kuanza kazi kwingine tarehe 1 kwa mkataba aliousaini mwezi uliotangulia ataulizwa kama alikimbia mateso au alifuata mshahara. Kupata kazi nyingine hakukunyimi haki, ila mfuatano wa tarehe utatazamwa. Na aliye chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo, kifungu cha 35 kinamweka nje ya ulinzi huu kabisa.

Sasa ushahidi wenyewe. Kiwango si kile cha kesi ya jinai. Inatosha ionekane kwamba maelezo yako yana uwezekano mkubwa wa kuwa kweli kuliko ya mwajiri. Lakini mashahidi ni wagumu kupatikana. Mwenzako aliyekuwepo kikaoni bado anakula kwa mwajiri huyo, na usimlaumu akikuambia ana watoto. Tafuta aliyekwisha kuacha kazi pale, au mteja, au dereva aliyekuwa akileta mizigo. Zaidi ya hapo, tegemea karatasi ambazo mwajiri hawezi kuzipinga kwa sababu hazikuandikwa na wewe: taarifa ya benki, hati za mshahara, ratiba ya zamu, na taarifa ya michango ya NSSF. Hii ya mwisho husahaulika. Michango ya mwajiri na mfanyakazi kwa pamoja ni asilimia 20 ya mshahara, kwa hiyo kama kampuni ya msimamizi wetu wa ghala imepeleka michango kulingana na ilichomlipa, taarifa itaonyesha 180,000 ya Januari ikishuka hadi 120,000 Februari. Hapo mwajiri ameshaeleza mwenyewe, kwenye mfuko wa umma, kwamba mshahara haukukosewa na benki.

Ujumbe wa simu unakubalika kama ushahidi chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ila lazima uonyeshe kwamba ni halisi: umetoka kwa nani, kwenye namba gani, umehifadhiwa wapi. Usikate kipande kimoja cha mazungumzo. Chapisha mazungumzo yote ya siku husika, namba na tarehe zikionekana, na uitunze simu yenyewe. Nimeona watu wakibadilisha simu katikati ya shauri na kubaki na picha ya skrini isiyo na tarehe. Barua pepe za ofisini nazo utazipoteza saa ile akaunti itakapofungwa, kwa hiyo nakala za barua zinazokuhusu wewe binafsi zihifadhi mapema. Usichukue orodha za wateja wala hesabu za kampuni. Hapo utakuwa umempa mwajiri kosa la nidhamu la kukutafutia.

Muda ni mfupi kuliko watu wanavyofikiri. Mgogoro kuhusu uhalali wa kuachishwa kazi unafikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na unaanzishwa kwa fomu CMA F1. Kwa msimamizi wetu wa ghala, siku 30 baada ya tarehe 4 Aprili zinaishia tarehe 4 Mei. Kama umetoa notisi, kuna ubishi juu ya siku gani ajira ilikoma; usiingie katika ubishi huo, hesabu tangu tarehe ya barua yako. Barua za kuombana na mwajiri, ahadi za kukutana wiki ijayo, hata mazungumzo ya kirafiki, hazisimamishi siku hizo. Ukichelewa utalazimika kuomba kuongezewa muda na kueleza kila siku uliyochelewa, na ombi hilo linaweza kukataliwa.

Katika fomu, chagua kuachishwa kazi kama aina ya mgogoro na ujaze sehemu inayohusu kuachishwa, hata kama mkono wako ndio ulioandika barua ya kuondoka. Wapo wanaojaza madai ya mshahara pekee kwa sababu wanaona hawakufukuzwa, kisha wakifika kwa mwamuzi wanaambiwa huwezi kudai usichokiandika. Isaini fomu, mpelekee mwajiri nakala, na pata uthibitisho kwamba ameipokea kabla ya kuiwasilisha Tume. Ambatanisha mfuatano wa matukio wa ukurasa mmoja, tarehe kushoto, tukio katikati, karatasi inayolithibitisha kulia. Ukiona safu ya kulia ina nafasi tupu nyingi, umejua mapema mahali shauri lako lilipo dhaifu.

Kwenye madai, tenganisha hesabu. Kwa msimamizi wetu wa ghala, mshahara uliopungua ni 300,000 mara mbili, yaani 600,000, na huo anaudai hata akishindwa kuthibitisha kwamba alilazimishwa. Kiinua mgongo ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kwa miaka isiyozidi 10. Mshahara wake halali wa 900,000 ukigawanywa kwa siku 26 ni kama 34,615 kwa siku. Mara siku 7, mara miaka 7, ni karibu 1,696,000. Itumike 900,000, kwa kuwa 600,000 ndiyo inayobishaniwa. Fidia inakuja juu ya hayo. Ukitaka kurudishwa kazini, fikiri kwanza: umekwisha kusema kwamba mahali hapo hapavumiliki, na mwamuzi atashangaa unaomba kurudi. Wengi wa wadai wa aina hii huomba fidia, nami naona ndivyo ilivyo sawa, labda kama aliyekutesa amekwisha kuondoka.

Msomaji wa Kenya atakuta njia tofauti kidogo. Huko mahakama zimelijenga jambo hili zaidi kwa maamuzi, hasa uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa mwaka 2015 katika kesi ya Coca Cola East and Central Africa, uliofuata fikra ya Kiingereza ya kuuliza kama mwajiri amevunja mkataba kwa kiwango cha kuuangusha. Hoja inaelekezwa zaidi kwenye sharti gani la mkataba lilivunjwa, na mzigo wa kuthibitisha uko kwa mfanyakazi vilevile.

Baada ya fomu kupokelewa, Tume itawaita kwenye usuluhishi, ambao una siku 30. Usikose siku hiyo. Mlalamikaji asipohudhuria, msuluhishi anaweza kuyatupa malalamiko. Mwajiri asipohudhuria, anaweza kuyaamua bila yeye. Mashauri mengi yenye karatasi nzuri huishia hapo, kwa sababu mwajiri akiona ule ujumbe wa tarehe 20 Machi na taarifa ya NSSF, anaanza kuuliza mfanyakazi anataka shilingi ngapi. Makubaliano yakisainiwa mbele ya msuluhishi yanakazwa kama hukumu ya mahakama, na huwezi kurudi kudai zaidi. Kabla ya kusaini, hakikisha yameandikwa kiasi kamili, kama ni kabla au baada ya kodi, tarehe ya kila awamu ya malipo, kitakachotokea awamu moja ikipita bila kulipwa, michango ya NSSF ya miezi iliyopunguzwa, na cheti cha utumishi kinachotaja kazi yako kama msimamizi wa ghala, si karani wa getini.